Presha Isiyosikia Dawa Tatu

Mgonjwa ameandikiwa amlodipini, losartani na hidroklorothiazaidi, lakini presha bado inasoma 160/100. Kabla ya kuongeza dawa, daktari makini huuliza bila ukali: vidonge vingapi vimebaki kwenye pakiti? Mara nyingi jibu liko hapo.

Akiwa anameza zote sawasawa, na presha ya nyumbani nayo iko juu, dawa ya nne kwa kawaida ni spironolaktoni, miligramu 25 kwa siku. Potasiamu na figo hupimwa tena baada ya wiki chache, kwani potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Presha sugu, hasa potasiamu ikiwa chini, inadai kupimwa aldosteroni na renini: huenda tezi iliyo juu ya figo inamwaga homoni kupita kiasi. Ulizia kipimo hicho kabla ya kuanza spironolaktoni, maana huvuruga majibu.