Anayenyakua Mpira Wavuni na Mwenzake Asiyeonekana

Bob na Mike Bryan, mapacha wa California, walistaafu mwaka 2020 wakiwa wameshinda pamoja mataji 16 ya yale mashindano makubwa manne ya tenisi, pamoja na dhahabu ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Wengi tunawakumbuka kwa namna mmoja wao alivyochomoka wavuni, akaunyakua mpira uliokuwa unamwendea pacha wake na kuumaliza kwa voli. Voli ndiyo iliyoshangiliwa. Lakini wakati huohuo pacha wa pili alikuwa anakimbilia upande ambao haukuwa na mpira, na bila mbio hizo kunyakua kungekuwa kamari tu.

Tuchukue pointi moja. Matokeo ni 30–30, kwa hiyo servisi inapigwa kutoka upande wa kulia. Mwenzake mpigaji amesimama upande wa kushoto, mita mbili au tatu kutoka kwenye wavu, mkono mmoja kaficha mgongoni. Mkono huo unazungumza. Kwa wachezaji wengi ngumi ni “nabaki”, kiganja kilichokunjuliwa ni “naenda”. Safari hii ni kiganja. Mpigaji sasa anajua kwamba servisi aipeleke karibu na mstari wa katikati, na akishaipiga tu akimbilie kushoto.

Servisi ya katikati humnyima mpokeaji pembe. Mpira anaourudisha hupita karibu na katikati ya wavu, mahali ambapo mnyakuzi anafika kwa hatua mbili tatu. Servisi ikienda pembeni, humfungulia mpokeaji njia ya kupiga kando ya mstari, kule kule mnyakuzi anakotoka.

Kazi ngumu ni kujua aondoke lini. Mpira unaorudi kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa hutumia kama nusu sekunde kutoka mstari wa nyuma hadi wavuni, kwa hiyo anayesubiri kuona unakokwenda amechelewa. Anayeondoka mapema naye huonekana, na mpira hupitishwa pale alipotoka. Wakati wake ni pale mpokeaji anapoanza kuleta raketi mbele, macho yakiwa kwenye mpira. Hapo kubadili uamuzi ni vigumu mno. Tena hakimbii sambamba na wavu. Anakata mshazari kuusogelea, ili akutane na mpira ungali juu ya utepe. Ukishashuka chini ya utepe itabidi auinue, na mpira ulioinuliwa ni zawadi kwa wapinzani. Voli yake huilenga miguuni pa mpinzani aliye karibu na wavu, au kati ya wapinzani wawili.

Kosa ninaloliona mara nyingi viwanjani ni kusita. Mnyakuzi anatoka, anafika katikati, anasimama. Mwenzake nyuma hajui aende kushoto au abaki, na nusu nzima ya uwanja haina mtu. Ukishavuka mstari wa katikati, endelea hadi upande wa pili, hata kama mpira hukuugusa.

Kusogea pamoja hakuishii kwenye servisi. Uwanja wa wawili wawili una upana wa mita 10.97. Tuseme nyote mko wavuni, na mpira wenu umemvuta mpinzani hadi kona iliyo kushoto kwenu. Wa kushoto anasogea kulinda mstari, akisimama mita moja kutoka pembeni. Wa kulia akibaki katikati ya nusu yake, kati yenu panabaki pengo la mita 7 hivi. Na hapo katikati ndipo wavu ulipo chini kabisa, sentimita 91.4, wakati kwenye nguzo una mita 1.07. Akisogea naye hadi mstari wa kati, pengo linashuka hadi kama mita 4, nafasi ambayo hatua moja na raketi iliyonyooshwa zinaitosha.

Ni kweli, kulia kunabaki wazi, na wanaoanza hushindwa kuuacha upande huo. Lakini mpinzani aliye kwenye ile kona, ili aufikishe mpira huko bila kuguswa, lazima upinde kwa pembe kali na utue mapema, karibu na mstari wa servisi, la sivyo utatoka nje. Pigo hilo wachache wanaliweza mara kwa mara. La katikati analiweza kila mtu. Ndiyo maana baadhi ya makocha huwafunga wanafunzi wawili kamba kiunoni, ili anayebaki nyuma avutwe.

Mipira mirefu ya juu ndiyo inayoharibu mpango huu. Wapinzani wakiwa hodari kuirusha nyuma yenu, sogeeni nyuma kidogo, tena wote wawili, na punguzeni kunyakua hadi servisi yenu iwe nzito.

Ukipata nafasi ya kutazama mechi ya wawili wawili, uache mpira kwa gemu moja na umfuate kwa macho yule ambaye hapigi.