Mwenyekiti Amesimamishwa, au Wamesimamishwa?

Soma habari hii: "Mwenyekiti wa kijiji, pamoja na wajumbe wawili, amesimamishwa uongozi." Waliosimamishwa ni wangapi? Msomaji mmoja atasema watatu. Mwingine atashika kitenzi, aone "a-" pale mwanzoni, na kujibu kwamba ni mwenyekiti peke yake. Hata akikubali kwamba wajumbe wamo, atabaki akijiuliza kwa nini wametajwa kando kando.

Aliyeandika hivyo huenda alikuwa akifuata kanuni aliyofundishwa darasani, tena katika somo la Kiingereza. Katika lugha hiyo, maneno yenye maana ya "pamoja na" hayaongezi idadi ya kiima. Nomino ya kwanza ndiyo inayotawala kitenzi. Wanaofuata huhesabiwa kuwa maelezo ya pembeni. Kanuni hiyo haiwasumbui sana wenyewe, kwa sababu vitenzi vyao vingi havibadiliki kwa umoja na wingi katika wakati uliopita. Sisi hatuna pa kujificha. Karibu kila kitenzi chetu hubeba kiambishi cha mtendaji, iwe jana, leo au kesho.

Je, Kiswahili kinaukubali umoja huo? Kinaukubali, ila kwa masharti. "Mkuu wa wilaya, pamoja na walinzi wake, aliwasili saa nne" ni sentensi safi. Mwenye safari ni mkuu wa wilaya. Walinzi wamemfuata tu. Mikato miwili huwaweka pembeni, na ukiwaondoa habari haipungui kitu cha maana. Umoja hufaa zaidi pale mwenza anapokuwa kitu kisicho na uhai. "Fundi pamoja na vifaa vyake amefika" inapendeza, maana anayefika ni fundi. Ukisema "wamefika", umevipa misumeno na nyundo miguu ya kutembelea.

Sasa rudi kwa mwenyekiti wetu na uondoe maneno yaliyo kati ya mikato: "Mwenyekiti wa kijiji amesimamishwa uongozi." Sentensi imesimama, lakini watu wawili wamepotea, nao adhabu imewafika sawasawa na yeye. Hapa umoja hautendi haki. Aandike "Mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wawili wamesimamishwa uongozi", na swali la idadi litakwisha. Katika habari za tuhuma, kesi na adhabu ningemshauri mwandishi asitumie umoja kabisa, kwa sababu kiambishi kimoja kinaweza kumtoa mtu hatiani au kumtwisha lawama peke yake.

Kuna vitenzi vinavyoikataa kanuni hiyo waziwazi. Jaribu kuandika "Bwana harusi, pamoja na bibi harusi, ameoana." Haiwezekani. Kitenzi chenye "-ana" ya kutendana kinadai watu wawili au zaidi, hivyo ni "wameoana", hata ukiweka mikato kumi. Nafsi ya kwanza nayo ina desturi yake. Katika matangazo ya shukrani baada ya msiba tunasoma "Mimi pamoja na familia yangu tunapenda kuwashukuru". Anayeandika "ninapenda" hapo ameitenga familia na shukrani zake mwenyewe. Kwenye mazungumzo tunakwenda mbali zaidi: mtoto husema "tulikwenda sokoni na baba" akimaanisha yeye na baba yake, watu wawili tu. Kiambishi "tu-" kimekwisha kumhesabu baba kabla hajatajwa.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi huja baada ya kitenzi cha kwanza. Mwandishi huanza na umoja, kisha pumzi humwishia: "Mkuu wa wilaya, pamoja na wataalamu wake, alikagua mtaro huo, wakaagiza uzibuliwe na kuahidi kwamba watarudi." Nani ameagiza? Mtu mmoja ameingia kwenye sentensi, kundi limetoka. Kulitambua kosa hili ni rahisi: pigia mstari kila kiambishi cha mtendaji kuanzia kitenzi cha kwanza mpaka nukta, kisha tazama kama vyote vinamrejelea yule yule. Hapo juu utapata "a-", "wa-", "wa-". Kama mwenye agizo ni mkuu wa wilaya, iwe "alikagua, akaagiza, atarudi". Kama wote waliamua, anza na "walikagua".

Ukishindwa kuchagua, hamisha mwenza apelekwe nyuma ya kitenzi: "Mkuu wa wilaya alikagua mtaro huo akiwa pamoja na wataalamu wake." Umoja hapo hauna ubishi, na hakuna mhariri atakayeugusa.