SHAMBA LETU: Sumu ya muhogo, na wadudu wanaoipita

[Muziki wa kufungulia. Unashuka.]

Wiki jana mama mmoja wa kijiji namba nne alinisimamisha bombani. Mbuzi wake aliingia kwenye muhogo mchungu wa jirani, akala majani, na kabla ya jua kuzama akafa. Mama akaniuliza: "Mwanangu, kama majani yale yanaua mbuzi, mbona inzi weupe wamejaa chini yake na hawafi?"

Swali hilo ni zuri. Tulijibu leo.

Jani la muhogo likiwa zima halina sumu kali ndani yake. Lina vitu viwili vilivyotengwa, kama kiberiti na petroli nyumbani. Kimoja kinaitwa linamarini, nacho kimefungiwa katikati ya kila seli. Cha pili ni kimeng'enya, yaani kitu kinachokata, nacho kinakaa kwenye ukuta wa seli. Havikutani mpaka mtu au mnyama alivunje jani. Mbuzi akitafuna, kuta zinapasuka, kimeng'enya kinaikata linamarini, na sianidi inatoka. Sianidi inazuia mwili kutumia hewa tunayovuta. Mbuzi anapumua, lakini ni kama hapumui.

Panzi wale wenye madoa ya rangi na harufu mbaya wanalijua jambo hili kwa namna yao. Wakiwa wadogo, huonja jani bichi lililosimama vizuri na kuliacha, kwa sababu kila wakiuma sianidi inatoka. Jani likinyauka, hapo wanalila. Ukiona panzi wamejaa kwenye matawi yaliyovunjika na mti wa pembeni hawaugusi, sababu ni hiyo.

Sasa inzi mweupe. Huyu hatafuni. Mdomo wake ni kama sindano nyembamba. Anaupitisha katikati ya seli bila kuzipasua mpaka afike kwenye mshipa unaobeba sukari, kisha anafyonza. Kiberiti na petroli havikutani. Lakini linamarini nyingine husafiri ndani ya utomvu, kwa hiyo anaimeza. Wanasayansi waliochunguza tumbo lake waligundua kwamba anaiongezea linamarini kipande kingine cha sukari. Ikishabadilika hivyo, kimeng'enya hakiwezi tena kuikata, naye anaitoa pamoja na uchafu wake. Ndiyo maana kupanda muhogo mchungu hakukukingi na batobato wala michirizi ya kahawia, magonjwa anayoyabeba inzi huyo. Kwa hayo, angalia mti unaokata vipande vya kupanda: ukiwa na majani yaliyokunjamana yenye mabaka ya njano, usiuchukue.

Je, muhogo umeshindwa kabisa na wanaofyonza? Hapana. Kuna kidung'ata, yule mdudu mweupe kama amepakwa unga, anayekunja ncha ya mti. Alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wazee wetu wanaikumbuka njaa aliyoileta. Muhogo ukivamiwa naye, unabadilisha harufu yake, hata kwenye majani ambayo hayajaguswa. Sisi hatuisikii. Anayeisikia ni nyigu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita moja hivi, ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata, na mtoto wake humla kutoka ndani. Ila nyigu huyo hakuwapo Afrika. Muhogo uliita, na hapakuwa na wa kuitika, mpaka watafiti walipomkuta Paraguai na kumwachia Nigeria mwaka 1981. Akasambaa nchi hadi nchi. Ukiona kidung'ata aliyekauka, amevimba, rangi ya kahawia, usimkamue: ndani mna nyigu.

Turudi jikoni, maana mama yule aliniuliza pia kuhusu sombe. Unapotwanga, kinu kinafanya kazi ya meno ya mbuzi: kinavikutanisha vile viwili. Tofauti ni kwamba sianidi inatokea kinuni, siyo tumboni. Inageuka hewa kwenye joto la nyuzi 26 hivi, kwa hiyo ukitwanga vizuri, ukaacha kidogo, kisha ukachemsha sufuria ikiwa wazi, inaondoka na mvuke. Usiinamie mvuke huo.

Hatari iko kwa anayechemsha majani mazima kwanza ili atwange kwa urahisi. Moto unaua kimeng'enya, linamarini inabaki haijakatwa, na vijidudu vya utumbo wetu vinaweza kuikata baadaye. Ukifanya hivyo, maji ya kwanza yamwage yote, mbali na mbuzi.

[Muziki unapanda.]