Nodi Isiyobeba Kitu

Katikati ya miaka ya 1950, Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon walihitaji kuhifadhi data zinazoongezeka na kupungua programu ikiwa inaendelea. Katika lugha yao, IPL, walitumia orodha zilizounganishwa: kila nodi hubeba thamani yake na anwani ya nodi inayofuata, basi. Haijui iliyo nyuma yake, wala orodha nzima ina urefu gani.

Chukua orodha mbili zilizokwisha pangwa: 2, 5, 9 na 3, 5, 8, 12. Kuziunganisha hakuhitaji kunakili chochote, ni kubadilisha anwani tu. Tunatanguliza nodi bandia isiyobeba kitu, kisha tunalinganisha vichwa vya orodha zote mbili na kuifunga mkiani ile iliyo ndogo. Inaingia 2, kisha 3. Zikikutana 5 na 5, tunaanza na ya orodha ya kwanza. Baada ya 8 na 9 orodha ya kwanza imekwisha, kwa hiyo 12 inafungwa bila kulinganishwa. Tumepata 2, 3, 5, 5, 8, 9, 12 kwa ulinganisho mara sita.

Sasa tunataka kuondoa nodi ya tatu kutoka mwisho, yaani 8. Tuihesabuje kutoka mwisho, na kurudi nyuma hakuwezekani? Tunaweka vielekezi viwili kwenye ile ile nodi bandia, kimoja kikitangulia hatua tatu:

```python
mbele = nyuma = bandia
for i in range(n):
    mbele = mbele.next
while mbele.next:
    mbele = mbele.next
    nyuma = nyuma.next
nyuma.next = nyuma.next.next
```

Cha mbele kinaanzia kwenye 5 ya kwanza. Vikisogea pamoja hatua nne, cha mbele kinafika 12 na cha nyuma kinasimama kwenye 5 ya pili, jirani wa 8. Hapo 5 inaelekezwa kwa 9, na 8 imetoka.

Wengi hukwama n ikiwa 7, maana anayeondoka ni 2, kichwa chenyewe. Bila nodi bandia hakuna aliyetangulia wa kurekebishwa. Hata ukiwa nayo, rudisha `bandia.next`. Ukirudisha kichwa cha zamani, 2 bado inaelekeza kwa 3, na orodha itachapishwa kamili kana kwamba hukufuta kitu. Na n ikizidi urefu wa orodha, `mbele` huishiwa na programu huanguka.

Kuhusu sifa ya kupita mara moja tu, mimi naiona imetiwa chumvi kidogo. Hapa vielekezi viwili vimepiga hatua 7 na 4, jumla 11. Anayehesabu urefu kwanza kisha akarudi mwanzoni hupiga hizo hizo. Faida ipo n ikiwa ndogo: cha nyuma hukanyaga nodi ambazo cha mbele kimetoka kuzisoma, na huenda bado zimo katika kumbukumbu ya haraka ya prosesa.