Pilau Haitiwi Rangi

Mume wangu wa Hamburg,

Picha ya pilau yako nimeiona. Dada yako aliikuza kwenye simu hadi nikakaribia kuhesabu punje. Najua ulinuna niliposema huo ni ubwabwa wa manjano, lakini sikukutukana, nilitaja jina lake tu.

Umesema wali ulikuwa mgumu juu, umeshikana katikati na kuungua chini, na kwamba ulitia kijiko kizima cha manjano kwa kuwa rangi ilikataa kuja. Ukihesabu, ni makosa manne. Mimi naona matatu: vitunguu vyako viliwahi kutoka motoni, mchele wako ulibaki na wanga, na moto wako ulitoka upande mmoja. Nitakueleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu wa sayansi kimu hapa Tanga, maana mapishi ya "tia hiki, tia kile" bila sababu ndiyo yaliyokufikisha kwenye manjano.

Anza na nyama, nusu kilo ya ng'ombe, na iwe na mfupa. Ichemshe na tangawizi na chumvi hadi ilainike, saa moja na zaidi. Ile supu usiimwage hata tone. Vikombe viwili vya basmati vioshe mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, si kama maziwa, kisha loweka nusu saa na uchuje vizuri. Ule weupe ni wanga uliomomonyoka kwenye punje. Ukiuacha, ndio gundi iliyokushikanishia wali.

Sasa vitunguu, na hapa ndipo nataka utulie. Chukua vitatu vikubwa, ukate vyembamba na kwa unene ulio sawa, la sivyo vingine vitaungua na vingine vitabaki vibichi. Mafuta nusu kikombe. Kaanga kwanza viazi vinne vilivyokatwa katikati, uvitoe vikishika rangi, kisha tia vitunguu kwenye mafuta hayohayo. Tumia sufuria pana. Kitunguu kimejaa maji, na maadamu maji yapo, joto lake halipandi kupita lile la maji yanayochemka, kwa hiyo kinachemka tu, hakikaangiki. Ukivirundika kwenye sufuria nyembamba, mvuke wa vya chini unavilowesha vya juu, nawe unasimama hapo muda mrefu ukiangalia vitu vyeupe.

Sikiliza pia. Mwanzoni mafuta yanapiga kelele nyingi, hayo ni maji yanayotoka. Kelele zikipungua, ujue maji yamekwisha na rangi inakuja, tena inakuja mbio. Dakika kumi na tano zinaweza kupita bila kitu, halafu mbili zikamaliza kazi yote. Usiende kupokea simu. Vikifika rangi ya tende, si dhahabu wala nyeusi, tia saumu na tangawizi zilizotwangwa, kijiko kimoja kimoja. Vikikaribia kupita kiasi, mwagia supu kijiko kikubwa kimoja. Joto litashuka papo hapo. Vikiwa vyeusi vitakuwa vichungu, na hapo hakuna dawa: mwaga uanze upya. Rangi ya pilau ni hiyo basi. Supu itaiyeyusha vitunguuni na mchele utainywa. Manjano yaachie mchuzi wa samaki.

Viungo vya pilau ni bizari nyembamba vijiko viwili vya chai, pilipili manga punje kumi, iliki sita, karafuu sita na kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole. Bizari itwange nusu, nusu nyingine ibaki nzima. Karafuu usizidishe, najua huko kwako kuna mfuko niliokupa wa kutoka Pemba, lakini ikizidi inatia ganzi ulimini na kufunika kila kitu. Vikaange na vitunguu kwa dakika moja tu, kwa sababu harufu yake inakaa kwenye mafuta, si kwenye maji.

Halafu kuna jambo la ile pakiti uliyonunua. Uliposema bizari yako inanukia kama mkate, nilijua. Hiyo si bizari yetu. Kwa Kijerumani majina ya mbegu hizo mbili yamekaribiana mno, lile la mbegu yao ya mkate ni kipande cha jina la hii yetu, na kwa macho zinafanana kama ndugu. Nenda duka la Wahindi uulize jira. Sugua punje chache viganjani unuse: ikikukumbusha sikukuu ya Idi nyumbani, ndiyo yenyewe.

Viungo vikishakaangika, tia nyama, na nyanya kwa wanaotia. Wengi wanatia, hasa jirani zetu wa Mombasa, wala sigombani nao, ila nyanya inarudisha maji sufuriani na kuisukuma rangi kwenye wekundu. Mimi sitii. Geuza nyama dakika chache, rudisha viazi, kisha mimina supu vikombe vitatu kamili. Ikipungua, jazia maji. Vitatu kwa viwili, kwa kuwa mchele ulishakunywa ulipolowekwa. Ionje kabla ya kutia mchele: chumvi iwe imezidi kidogo kuliko ya supu ya kunywa.

Supu ikitokota, tia mchele, ugeuze mara moja, basi. Kila unapoukoroga unazivunja punje na kutoa wanga kama ule uliouosha mwanzoni. Acha moto mkubwa mpaka maji yalingane na mchele na vitundu vionekane juu. Hapo ndipo tunapalia. Unakumbuka ulivyokuwa ukigombania kupuliza makaa? Mengi tunayaweka juu ya mfuniko na chini tunabakisha machache. Sababu yake ni kwamba maji yaliyobaki ni kidogo, na moto wa chini peke yake utayakausha upande wake kabla mvuke haujaivisha wa juu. Ndiyo maana ulipata chini makaa na juu mchele. Tena jiko lako la umeme lina ubishi: ukilizima, bamba linaendelea kutoa joto kwa dakika kadhaa, na sufuria ipo juu yake.

Basi palia yako ni oveni. Iwashe mapema, nyuzijoto 150. Sufuria uliyopikia iwe haina mpini wa plastiki; ifunike kwa karatasi ya foili kisha mfuniko uibane, uisukume ndani dakika ishirini. Usifunue kuchungulia, mvuke ukitoka haurudi. Ukiitoa, iache imefunikwa dakika kumi nyingine, ndipo upakue kwa mwiko ukianzia pembeni. Chini utapata ukoko mwembamba wa rangi ya vitunguu vyako. Huo ni wa mpishi, usiwagawie wageni.

Usipokuwa na oveni, hamishia sufuria kwenye bamba jingine ulilokwisha kuliwasha kwa moto wa chini kabisa, na utie kitambaa safi chini ya mfuniko kinywe matone, ncha zake uzikunje juu zisiguse moto. Itaiva, ila juu hapatakauka vile.

Kachumbari unaijua, sikufundishi.

Ijumaa ukipika, vitunguu vikifika rangi unayodhani ni ya tende, shusha sufuria, piga picha unitumie kabla hujatia saumu. Dada yako nimemwambia asitoke na simu.

Bibi yako,
Tanga