Dagaa, mawese na simu: pesa iende kwenye mizani

Dagaa wa Kibirizi huuzwa kwa fungu au kwa sado, na mawese mara nyingi hujazwa kwenye chupa iliyokuwa ya maji. Hakuna pakiti wala msimbo wa kuskani. Kwa hiyo mkazi wa Kigoma au Ujiji anayetaka kuhesabu chakula chake kwa simu asikimbilie kulipia. Programu ya kuhesabu kalori ya MyFitnessPal iliitoa skana ya misimbo kwenye huduma yake ya bure Oktoba 2022, na toleo la kulipia Marekani limekuwa likiuzwa kama dola 80 kwa mwaka. Skana inamfaa anayekula vya supamaketi. Kwa sufuria ya dagaa haina kazi.

Katika toleo la bure la programu nyingine, Cronometer, unaweza kutengeneza mapishi yako mwenyewe, na kila chakula kinaonyesha takwimu zake zimetoka wapi. Hilo la pili nalithamini sana, kwa sababu kwenye programu ambazo watumiaji hujiandikia vyakula, utakuta “dagaa” wa aina tano wenye kalori tano tofauti. Asiyependa programu ana njia nyingine: daftari, pamoja na majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Vyovyote utakavyochagua, kifaa cha kununua ni mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu.

Chukua sufuria moja. Dagaa wakavu gramu 200: wapepete kwanza, maana walioanikwa mchangani huja na mchanga, kisha wapime kabla ya kuwaloweka. Hao ni kama kalori 660. Nyanya na vitunguu huleta kama 95. Mawese gramu 60 ni 540, kwa kuwa kila gramu ya mafuta ina kalori 9. Jumla ni kama 1,295. Mboga ikiiva, pima sufuria nzima na utoe uzito wa sufuria tupu. Tuseme zimebaki gramu 900. Ukipakua gramu 250, umekula kama kalori 360.

Sasa tazama makosa yanavyoingia. Ukisahau mawese, simu itakwambia 210. Ukiandika gramu 250 za “dagaa wakavu”, itakwambia 825, na mlo ni uleule. Ugali nao uko hivyohivyo: unga gramu 500 una kama kalori 1,800, na ukitoa ugali wa gramu 1,500, kila gramu 100 ni 120. Sahani ya gramu 400 ni 480. Iandike kama unga na itasomeka 1,440. Ukiona mlo mmoja wa kawaida umemaliza hesabu ya siku nzima, kagua kwanza kama umechagua kikavu badala ya kilichopikwa.

Mawese yanahitaji uangalifu wa pekee. Asubuhi ya baridi huganda, na kijiko kilichojaa kilima hubeba zaidi ya gramu 14 za kijiko cha chakula kilichosawazishwa. Weka chupa juu ya mizani, isome, mimina, kisha isome tena: tofauti ndiyo mawese uliyotumia. Kwa mamantilie huwezi kufanya hivyo, basi kadiria na uendelee. Wanaokula sinia moja nao wakadirie. Hakuna haja ya kumtenga mtu na wenzake kwa ajili ya gramu.

Kwa mtu mzima mwenye afya, wiki chache zinatosha. Mapishi ya nyumbani hayabadiliki sana, na ukishajua mkono wako unamimina mawese kiasi gani, programu haina jipya la kukuonyesha. Itafute tena ukibadilisha mapishi.

Zipo dalili za kuacha mara moja: kukataa mwaliko kwa sababu chakula hakikupimwa, kujinyima leo kufidia jana, kuchagua biskuti badala ya migebuka kwa kuwa biskuti ni rahisi kuandika, au wasiwasi unaokunyima usingizi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya watu 105 wenye matatizo ya ulaji. Takriban robo tatu walikuwa wametumia MyFitnessPal, na kati ya hao asilimia 73 waliona imechangia hali yao. Hiyo haithibitishi kwamba programu ndiyo iliyowaumiza, lakini aliyewahi kupata tatizo hilo asianze kuhesabu bila mtaalamu, na mtoto asipewe kazi hiyo.

Anayejichoma insulini kwa kufuata wanga anaokula ni habari nyingine. Huyo asiache hesabu kwa uamuzi wake. Aende kliniki na daftari au simu yake, wapange pamoja dozi na milo kabla ya kubadilisha chochote.