Swali Linapowaangusha Wanaojua

"Sayari ipi ina joto kali kuliko zote? A. Zebaki, B. Zuhura, C. Dunia, D. Mirihi." Tuseme hili ni swali la 14 katika jaribio la sayansi lenye maswali 30 ya kuchagua jibu, na waliolifanya ni wanafunzi 45 wa darasa moja. Kwenye mwongozo wa kusahihisha mwalimu ameandika A, kwa hoja kwamba Zebaki ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua. Darasa hili na alama zake nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi, lakini tatizo lililojificha ndani ya swali hili hutokea kwenye mitihani ya kweli, hata ile iliyotungwa kwa uangalifu.

Mwalimu akimaliza kusahihisha, kwa kawaida hujumlisha alama, hupanga nafasi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha hurudisha karatasi. Jumla ya alama humweleza habari za mwanafunzi. Habari za swali lenyewe, kama lilipima kitu au lilipita tu, haipo humo. Ili kuipata inabidi karatasi zisomwe upya, safari hii swali baada ya swali badala ya mwanafunzi baada ya mwanafunzi.

Kazi yenyewe haihitaji zaidi ya kalamu na meza pana. Karatasi zote 45 zinapangwa kwa jumla ya alama, aliyepata nyingi juu, aliyepata chache chini. Kutoka juu zinahesabiwa 12 na kuwekwa kando. Kutoka chini 12 nyingine. Zile 21 za katikati hazitumiki kwa sasa. Kisha kwa kila swali mwalimu anaandika ni wangapi katika kundi la juu waliochagua A, wangapi B, C na D, na vivyo hivyo kwa kundi la chini. Asiandike waliopata na waliokosa tu, kwa sababu majibu ya waliokosa ndiyo yatakayomfaa baadaye.

Kwa nini 12? Ni asilimia 27 ya darasa, na asilimia hiyo ina historia. Ukichukua watatu wa juu kabisa na watatu wa chini kabisa, tofauti kati yao itakuwa kubwa, lakini ni watu wachache mno na bahati inaweza kuamua matokeo. Ukigawa darasa nusu kwa nusu, watu ni wengi, ila wale wanaokaribiana katikati wanafanana kiasi kwamba tofauti inafifia. Mwaka 1939 Mmarekani Truman Kelley alionyesha kwa hesabu kwamba, alama zikitawanyika kama zinavyotawanyika kwa kawaida, wengi katikati na wachache pembeni, mahali pazuri pa kukata ni asilimia 27 kila upande. Katika darasa dogo hakuna atakayedhurika ukichukua robo au theluthi.

Tuanze na swali lisilo na matata, la 5: mmeng'enyo wa chakula huanzia wapi? Jibu ni mdomoni. Katika kundi la juu wamepata 11 kati ya 12, katika kundi la chini wamepata wanne. Jumla ya waliopata ni 15 kati ya 24, na 15 ukigawanya kwa 24 unapata 0.63. Hiyo ndiyo fahirisi ya ugumu. Iangaliwe vizuri, maana inakwenda kinyume cha jina lake: namba ikipanda kuelekea 1 swali ni rahisi, ikishuka kuelekea 0 swali ni gumu. Kwa swali lenye majibu manne, mwanafunzi anayebahatisha tu ana nafasi moja kati ya nne, yaani 0.25, hivyo swali lenye 0.25 halijaonyesha kwamba kuna aliyejua. Watungaji wengi hupenda maswali yao yaangukie katikati ya 0.25 na 1, ambako ni karibu na hiyo 0.63.

Namba ya pili inauliza jambo tofauti: je, swali limewatenganisha wanaojua na wasiojua? Chukua waliopata juu, toa waliopata chini, gawanya kwa idadi ya kundi moja: 11 toa 4 ni 7, na 7 kwa 12 ni 0.58. Hii ni fahirisi ya utofautishaji. Inaweza kufika 1, pale kundi lote la juu linapopata na kundi lote la chini linapokosa. Ikiwa 0, makundi yote mawili yamepata sawasawa. Na inaweza kushuka chini ya sifuri. Mmarekani mwingine, Robert Ebel, aliweka ngazi ambazo bado zinatumika sana: 0.40 na kuendelea ni swali zuri sana, kuanzia 0.30 linafaa, kati ya 0.20 na 0.29 lirekebishwe, chini ya hapo litupwe au litungwe upya. Swali la 5 limepita bila shida. Waliokosa katika kundi la chini nao wameacha habari: sita kati ya wanane walichagua tumboni. Mwalimu sasa anajua dhana ipi hasa ya kurudia ubaoni.

Turudi kwenye sayari. Katika kundi la juu watatu walichagua Zebaki na tisa wakachagua Zuhura. Katika kundi la chini wanane walichagua Zebaki, wawili Zuhura, mmoja Dunia na mmoja Mirihi. Kwa mwongozo wa mwalimu, waliopata ni 11 kati ya 24, na fahirisi ya ugumu ni 0.46. Ni namba ya heshima kabisa. Mwalimu anayeangalia asilimia ya waliopata peke yake atasema swali ni la wastani, kisha ataendelea na la 15.

Fahirisi ya utofautishaji haimruhusu kuendelea. 3 toa 8 ni hasi 5, na ukigawanya kwa 12 unapata hasi 0.42. Maana yake ni kwamba kadiri mwanafunzi alivyofanya vizuri katika jaribio zima, ndivyo alivyoelekea kukosa swali hili. Swali limewapa alama walio nyuma na kuwanyima walio mbele.

Namba hasi haisemi kosa liko wapi; inaonyesha tu pa kuangalia. Pa kuangalia ni mahali walipokimbilia wale wa kundi la juu. Wakiwa wametawanyika karibu sawasawa katika majibu yote, huenda walikuwa wanabahatisha: mada haikufundishwa, au swali halieleweki. Wakiwa wamerundikana kwenye jibu moja, kama hawa tisa waliorundikana kwenye Zuhura, kuna mambo mawili ya kushuku kwanza. Ama swali lina majibu mawili sahihi, ama mwongozo wa kusahihisha umekosea.

Hapa mwongozo umekosea. Zebaki iko karibu zaidi na Jua, lakini karibu haina hewa ya kuzuia joto. Mchana uso wake hufika nyuzi 430 hivi za sentigredi, usiku hushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri. Zuhura imefunikwa na hewa nzito ya kabonidioksaidi inayonasa joto, na uso wake hukaa karibu na nyuzi 465 usiku na mchana. Wale tisa walikuwa wamesoma.

Ukibadilisha jibu kuwa B, hesabu inakuwa hivi: kundi la juu tisa, kundi la chini wawili, jumla 11 kati ya 24. Fahirisi ya ugumu ni ile ile, 0.46. Haikusogea hata kidogo. Fahirisi ya utofautishaji imeruka kutoka hasi 0.42 hadi 0.58. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kuu ya mwalimu kutoishia kwenye asilimia ya waliopata: swali bovu na swali zuri zinaweza kuwa na ugumu uleule.

Marekebisho hayaishii kwenye zile karatasi 24. Zote 45 zinasahihishwa upya kwa swali hilo, jumla zinabadilika, na huenda mtu mmoja au wawili wakaingia au kutoka katika makundi ya juu na chini. Kwa hiyo maswali mengine nayo yanafaa kuhesabiwa tena, hasa kama makosa ya mwongozo yalikuwa zaidi ya moja.

Kuna namba ndogo zisizo na kosa lolote nyuma yake, na hizi huonewa mara nyingi. Swali la 2 liliuliza kwa nini tunanawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kundi la juu walipata wote 12, kundi la chini 11. Ugumu 0.96, utofautishaji 0.08. Kwa ngazi za Ebel ni la kutupwa. Lakini swali ambalo karibu kila mtu amelipata haliwezi kutofautisha, kwa sababu hakuna waliobaki wa kutenganishwa. Swali lililopatwa na asilimia 90 ya watu wa makundi mawili haliwezi kuvuka 0.20 hata litungwe na nani. Kama mwalimu alitaka kuhakikisha darasa zima limeelewa jambo hilo la lazima, swali limefanya kazi yake na libaki.

Tena, katika makundi ya watu 12, mwanafunzi mmoja aliyepaka rangi kisanduku jirani kwa bahati mbaya anaisogeza fahirisi kwa 0.08. Swali lenye 0.25 na lenye 0.33 haziwezi kugombanishwa kwa ushahidi huo. Namba hasi kubwa ishughulikiwe leo, 0.25 isubiri hadi swali lifanywe na mkondo mwingine. Kwa watahiniwa wengi, hesabu hufanywa kwa kompyuta ikijumuisha hata wale wa katikati. Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambamo mwalimu anaweza kuona ni asilimia ngapi walivutwa na kila jibu lisilo sahihi.

Kikomo kigumu zaidi ni hiki: "wanaojua" hapa ni wale waliopata alama nyingi katika jaribio hilohilo. Fahirisi kubwa inaonyesha kwamba swali linakubaliana na maswali mwenzake, na yote kwa pamoja yanaweza kuwa yanapima kitu kingine. Chukua mtihani wa biolojia wa kidato cha pili, ulioandikwa kwa Kiingereza chenye sentensi ndefu. Maswali yake yanaweza kutoa 0.50 moja baada ya lingine huku kinachowatenganisha wanafunzi ni Kiingereza, wala si biolojia. Hesabu haitalifichua hilo. Mwalimu anayeshuku hivyo awaite wachache wa kundi la chini na kuwauliza swali lilelile kwa mdomo, kwa Kiswahili. Wakijibu, ajue wanaijua biolojia na kwamba kilichowaangusha ni sentensi za swali.